Je, Wajua? Programu ya Mkopo na Majina Yako

1. Dereva wa bodaboda wa Kidahwe akipakua programu ya mkopo, hugusa "Ruhusu" bila kusoma. Hapo orodha yake yote ya namba inaweza kunakiliwa.

2. Akichelewa kulipa, shemeji yake Ujiji hupigiwa simu za kumdhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku programu 69 zilizokopesha bila leseni.

3. Kuondoa ruhusa hiyo: fungua Mipangilio, Programu, chagua programu hiyo, Ruhusa, Anwani, kisha Usiruhusu.

4. Hatua hiyo haifuti majina yaliyokwisha kuchukuliwa. Mwandikie mkopeshaji aache kuyatumia kwa namna inayokudhuru. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki hiyo. Akikaidi, lalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.