Miche mingapi kwa ukuta wa miti?

Dodoma wakati wa kiangazi, upepo huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Kwa hiyo shamba halihitaji miti pande zote nne. Panda mashariki na kusini tu.

Chukua shamba lenye mita 100 upande wa mashariki na mita 70 upande wa kusini. Jumla ni mita 170. Ukipanda mijohoro kila baada ya mita 2, gawa 170 kwa 2, upate nafasi 85. Ongeza mche 1 wa mwanzo: 86. Mti wa pembeni, pande hizo zinapokutana, unahesabiwa mara moja tu.

Kwa mistari miwili ni miche 172. Iache mita 3 kati ya mistari, na mche wa mstari wa pili uelekee pengo la mstari wa kwanza. Ongeza miche 18 ya kuziba mapengo, andaa 190.

Miti ya mita 8 hukinga takriban mita 80. Usiibananishe: upepo ukizuiwa kabisa huruka juu, kisha hushuka kwa kishindo. Mahindi yaliyolala nyuma tu ya ukuta ndiyo dalili.