Alama Moja, Rafu Mbili: Kupanga Kemikali Dukani

Mwenye duka anayepanga kemikali zake kwa kufuata picha za hatari tu anaweza kuweka jirani vitu ambavyo havipaswi kukaribiana kabisa. Nazungumzia zile picha nyeusi juu ya weupe, zilizozungushiwa mstari mwekundu wenye umbo la mraba uliosimama kwa ncha. Ziko 9 katika mfumo wa kimataifa wa lebo za kemikali, maarufu kwa kifupi cha GHS.

Tazama ile inayoonyesha matone yakidondokea mkono na kipande cha chuma. Maana yake ni kwamba kitu hiki kinaunguza ngozi na macho, au kinakula chuma. Utaikuta kwenye dawa ya choo yenye tindikali ya haidrokloriki, na utaikuta pia kwenye jiki kali ya madumu inayonunuliwa na hoteli na madobi. Kwa macho, hizo ni bidhaa za aina moja, na vijana wengi wa dukani huzipanga rafu moja kwa nia njema kabisa. Zikivuja na kuchanganyika hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho, koo na mapafu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hujikusanya chini, pale anapoinama mtu anayepiga deki.

Picha hueleza kitu kinavyodhuru kikiwa peke yake. Hakuna hata moja kati ya zile 9 inayokwambia kisikae karibu na nini. Jibu hilo limo kwenye karatasi ya taarifa za usalama, ambayo msambazaji anapaswa kukupa ukiiomba, na siku hizi wengi huituma kwa WhatsApp. Ina sehemu 16, na mpangilio wake ni uleule kwa kemikali yoyote. Anza na sehemu ya 7, inayohusu utunzaji ghalani, kisha nenda ya 10, inayotaja vitu visivyopatana na kemikali hiyo. Karatasi nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mtafute mtu akufasirie mistari mitatu minne ya sehemu hizo mbili, uiandike kwa Kiswahili na kuibandika ukutani.

Tuchukue duka lenye bidhaa nne: jiki kali, dawa ya choo ya tindikali, maji ya betri, na vidonge vya kufukizia nafaka vya fosfidi ya alumini. Sehemu ya 10 ya jiki itakataza tindikali za kila aina, kwa hiyo maji ya betri nayo yanaondolewa karibu yake, maana ni tindikali ya salfuriki. Karatasi ya vidonge itakataza maji na tindikali, kwa sababu vikipata unyevu hutoa gesi ya fosfini, inayoua na inayoweza kuwaka. Kwenye kopo lake utaona fuvu na mwali wa moto. Sehemu ya 5 nayo itakwambia kwamba vikishika moto, havizimwi kwa maji.

Basi tindikali zote mbili zikae ukuta mmoja, rafu ya chini kabisa, ndani ya beseni la plastiki. Kama dumu kubwa ni la lita 20, beseni lichukue angalau lita 22, ili dumu likipasuka kisitoke kitu. Jiki ikae ukuta wa pili, pasipofika jua, kwa sababu joto huifanya ioze na kutoa gesi ndani ya dumu. Dumu lililovimba ni dalili ya hilo. Vidonge vinahitaji kabati kavu lenye kufuli, katika chumba kinachopitisha hewa na kisicholaliwa na mtu. Hapo sina mjadala, maana najua maduka mengi ambako chumba cha nyuma ndicho chumba cha kulala.

Rafu zenyewe zitakuonyesha kama mpango umefeli. Mvuke wa tindikali ya haidrokloriki hupenya kwenye kizibo kilichofungwa vibaya, ukala misumari, bawaba na makopo ya jirani. Ukiona kutu mpya upande mmoja wa duka, kagua vizibo vya tindikali siku hiyohiyo, kisha kagua makopo ya vidonge. Kopo lililotobolewa na kutu huingiza unyevu, na fosfini huanza kutoka polepole. Baadhi ya watu huisikia kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini inaweza kudhuru hata kabla pua haijanusa chochote, kwa hiyo usingoje harufu.

Kopo la namna hiyo usilifungue wala kulitumbukiza chooni, kwani maji yatatoa gesi yote kwa mkupuo. Toa watu nje, acha milango wazi, kisha piga simu ya dharura iliyoandikwa sehemu ya 1 ya karatasi yake.