Daftari la Mvua Linapokaguliwa

Ukikagua daftari la kipimamvua, anza na siku ambazo mvua haikunyesha. Siku kavu huandikwa 0.0, nafasi tupu maana yake hakuna aliyesoma kipimo, na mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo. Kisha tazama Jumatatu. Jumamosi na Jumapili zikiwa tupu, halafu Jumatatu ikaandikwa milimita 42, huenda hiyo ni mvua ya siku tatu iliyokusanyika, na ilipaswa kuelezwa hivyo pembeni. Tarakimu nazo husema: vipimo vingi mno vikiishia 0 au 5, yaelekea msomaji alikuwa akikadiria. Tafuta pia saa ya kusoma, aina ya kipimo na mahali kiliposimamishwa. Yakikosekana hayo, mwingine hawezi kuirudia kazi hiyo, hata mwandiko uwe mzuri namna gani.