Kutoka Slaidi hadi Makala: Uandishi wa Utangulizi na Methodolojia kwa Mfano wa Utafiti wa Kimtang'ata

Makala haya yanaeleza namna wasilisho la kongamano linavyogeuzwa kuwa sehemu mbili za mwanzo za makala ya jarida, yaani utangulizi na methodolojia. Hoja yake ni kwamba slaidi huhifadhi majina ya mambo, ilhali uhusiano baina ya mambo hayo hubaki kinywani mwa msemaji. Anayenakili slaidi na kuziunga kwa viunganishi hupata aya zenye sura ya makala lakini zisizo na hoja. Ili jambo hili lionekane, tutatumia wasilisho la kubuni kuhusu msamiati wa uvuvi katika Kimtang'ata, lahaja ya pwani iliyo baina ya Tanga na Pangani. Wasilisho na idadi zake ni za mfano tu. Mahali na maandiko yanayotajwa ni halisi.

Slaidi za mwanzo za wasilisho hilo ni tano. Ya kwanza ni ramani ya pwani. Ya pili ina swali: "Je, Kimtang'ata kinapotea?" Ya tatu ina majina na miaka: "Whiteley (1956), Nurse na Hinnebusch (1993)". Ya nne inataja malengo. Ya tano inasema: "Mbinu: usaili na picha; wavuvi 24; Tongoni na Kigombe".

Utangulizi

Ukumbini, ramani hutangulia kwa sababu wasikilizaji wanahitaji kujua wako wapi kabla ya kusikiliza. Katika makala, ramani huhamia kwenye maelezo ya eneo la utafiti, kwa kuwa msomaji wa jarida kwanza hutaka kujua ni jambo gani halijajulikana. Kwa hiyo, mwandishi huanza na slaidi ya tatu, ambayo ndiyo iliyosema machache zaidi.

Msemaji alipoionyesha slaidi hiyo, huenda alisema kwamba kazi hizo ndizo msingi wake. Mtahini atauliza: msingi wa nini? Whiteley aliieleza lahaja yenyewe, na kazi yake ilitolewa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Nurse na Hinnebusch walichunguza historia ya Kiswahili na lugha nyingine za kundi la Sabaki. Kazi hizi mbili hazijibu swali moja, na pengo la utafiti linaonekana pale tofauti hiyo inapotamkwa. Aya inayotokana na slaidi hiyo inaweza kuwa hivi:

"Kimtang'ata kilielezwa na Whiteley (1956) kabla ya uhuru, na kabla Kiswahili hakijawa lugha ya kufundishia katika karibu shule zote za msingi za umma. Nurse na Hinnebusch (1993) wanachunguza lahaja za Kiswahili ndani ya historia ya lugha za Sabaki. Swali lao ni la asili na uhusiano, si la matumizi ya msamiati katika kazi fulani. Kwa hiyo, kazi hizi hazituambii ni istilahi zipi za uvuvi zinazotumiwa na wazungumzaji waliosomeshwa kwa Kiswahili Sanifu. Makala haya yanalinganisha istilahi zinazotolewa na wavuvi wa rika mbili wa Tongoni na Kigombe."

Neno "kwa hiyo" halikuwamo katika slaidi yoyote, nalo ndilo linalobeba hoja. Izingatiwe pia kwamba aya inasema kazi *hizi* hazituambii. Haisemi kwamba jambo hili halijawahi kuchunguzwa. Dai hilo la pili halitokani na maandiko mawili. Linahitaji kupekuliwa kwa tasnifu na majarida, na mwandishi aseme alipekua wapi.

Limebaki swali la slaidi ya pili. Ukumbini lilifaa kwa kuwaamsha wasikilizaji, lakini haliwezi kuingia katika makala kama lilivyo. Wavuvi wa rika mbili wanaosailiwa katika mwaka mmoja huonyesha tofauti ya rika. Hawaonyeshi moja kwa moja kwamba lahaja inapotea, kwa kuwa kijana anaweza kujifunza istilahi kadiri anavyoizoea kazi na kuzitumia zote atakapokuwa nahodha. Swali la utangulizi lazima lipunguzwe hadi kiwango ambacho mbinu zinaweza kulijibu. Hii ndiyo sababu aya iliyo hapo juu inasema "yanalinganisha", wala haisemi "yanaonyesha kupotea".

Methodolojia

Slaidi ya tano ina maneno machache, na karibu kila neno linaficha uamuzi. Tuchukue "wavuvi 24". Katika pwani hii wavuvi huenda dago, yaani huhama kwa muda na kupiga kambi mbali na kwao kufuata samaki. Anayekutwa Kigombe akishona jarife anaweza kuwa mzawa wa hapo, au Mpemba aliyefika msimu huo. Ikiwa asili za watoataarifa hazikutajwa, msomaji hawezi kujua kama istilahi zilizokusanywa ni za Kimtang'ata au za Kipemba, na hitimisho lote linayumba.

Neno "usaili" nalo linaficha lugha iliyotumika kuuliza. Mtafiti mgeni anayeuliza kwa Kiswahili Sanifu hujibiwa mara nyingi kwa Kiswahili Sanifu, kwa adabu tu. Na "picha" haionyeshi ukubwa wa samaki. Msailiwa anaweza kutoa jina la jumla, ambapo angetoa jina mahususi kama angemwona samaki mwenyewe dikoni.

Majibu ya maswali haya hayamo katika slaidi, wala hayafai kutolewa kwa kumbukumbu. Yanatafutwa katika daftari la uwandani, rekodi za sauti, fomu za ridhaa na barua za kibali, ambazo huonyesha tarehe na mahali. Baada ya kuzipitia, mwandishi wetu wa mfano angeandika hivi:

"Watoataarifa 24 waliteuliwa kwa usampulishaji lengwa, 12 wenye umri wa miaka 18 hadi 30 na 12 wenye zaidi ya miaka 55. Sharti lilikuwa kwamba mtoataarifa awe amezaliwa na kukulia Tongoni au Kigombe. Wavuvi wa dago hawakujumuishwa. Walisailiwa na msaidizi wa utafiti ambaye ni mzawa wa Kigombe, wakati wa maji mafu, kwa kuwa wakati wa bamvua wengi walikuwa baharini. Kila mmoja alionyeshwa picha 40 za samaki na vifaa, kisha akaulizwa majina ya samaki waliokuwapo dikoni siku hiyo."

Aya hii hutumia wakati uliopita, kwa sababu inasimulia kilichofanyika. Lugha ya slaidi, isiyo na vitenzi, huficha kama jambo lilifanyika au lilikusudiwa tu. Mpaka wake na matokeo nao uko wazi. Idadi ya picha ilijulikana kabla ya kwenda uwandani, hivyo ni sehemu ya mbinu. Idadi ya istilahi zilizopatikana ilijulikana baada ya uchambuzi, hivyo inasubiri sehemu ya matokeo, hata kama katika wasilisho ilikaa kwenye slaidi ileile.

Huenda daftari lisiwe na jibu. Ikiwa asili za watoataarifa hazikuandikwa, hakuna ufundi wa uandishi utakaozirudisha. Mwandishi ana njia mbili za haki: kurudi Tongoni na Kigombe kuuliza, au kusema waziwazi kwamba taarifa hiyo haikukusanywa na kuzungumzia msamiati wa wavuvi waliokutwa katika madiko hayo, si wa Kimtang'ata. Njia ya pili hubadilisha hata kichwa cha makala. Ni afadhali kibadilike mezani kwa mwandishi kuliko mbele ya watahini.