Nasaba ya Baba, Damu ya Bibi

Katika miji ya kale ya pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, wapo wazee wanaoweza kutaja majina ya baba zao mpaka kizazi cha kumi bila kutazama karatasi. Fulani bin fulani bin fulani, hadi anafikiwa yule aliyeshuka jahazini akitokea Shirazi. Siku hizi watoto na wajukuu wa wazee hao, hasa walio Ulaya na Amerika ya Kaskazini, wanatema mate kwenye kichupa, wanakituma maabara kwa posta, na baada ya wiki kadhaa wanafunguliwa ukurasa wenye ramani na asilimia. Hapo ndipo maneno yanapoanza nyumbani. Je, silsila ya mzee imethibitika au imevunjika?

Kisa hiki ni cha kubuni, ila maswali yake ndiyo wanayoulizana watu, na elimu iliyomo ni ya kweli. Kijana mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, anafanya kazi Uingereza. Majibu yake yalisema: Afrika Mashariki asilimia 64, Rasi ya Arabuni 21, Iran 9, Bara Hindi 6. Jioni hiyo akampigia simu baba yake, mzee aliyepita miaka themanini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Baridi huko imepungua?"

"Alhamdulillahi. Baba, nilipima DNA ya asili, na leo majibu yametoka." Akamsomea yote, moja baada ya jingine.

Mzee alinyamaza, kisha akauliza: "Sasa hiyo tisa ya Iran ndiyo babu yetu aliyetoka Shirazi? Babu mzima amekuwa tisa?"

Swali la mzee ni zuri kuliko anavyodhani, kwani linagusa pale ambapo watu wengi hupotea. Asilimia hizo hazihesabu mababu. Maabara husoma sehemu laki sita au saba hivi za DNA, kati ya herufi bilioni tatu, zile ambazo watu hutofautiana. Kisha kompyuta hulinganisha vipande vya mteja na vya watu wa leo ambao kampuni imewakusanya kuwa kipimo: Wairani kadhaa, Waarabu kadhaa, Waafrika kadhaa. Kipande kikifanana zaidi na cha Wairani, huandikwa Iran. Kwa hiyo "tisa ya Iran" maana yake ni kwamba karibu sehemu moja katika kumi na moja ya DNA ya kijana inafanana na ya Wairani wa leo kuliko ya watu wengine walio katika kipimo cha kampuni hiyo.

Udhaifu wa jibu unaanzia hapo. Watu wa Iran, Oman na magharibi ya Bara Hindi wameoana na kusafiriana kwa karne nyingi, na DNA zao zinakaribiana. Kompyuta inaweza kuweka kipande kimoja upande wa Arabuni leo, na kesho, baada ya kampuni kuongeza watu katika kipimo chake, ikakihamishia Iran. Upande wa Afrika hali ni ngumu zaidi. Vipimo vya kampuni hizi vimejaa watu wenye asili ya Ulaya, na makundi ya Afrika Mashariki yaliyomo ni machache. Mdigo, Mpokomo na Mbajuni huishia ndani ya jina moja pana. Njia nyepesi ya kuutambua udhaifu huu ni kurudi kwenye ukurasa uleule baada ya mwaka: mara nyingi tarakimu zimebadilika, ilhali hukutema mate mengine. Tarakimu kubwa, kama ile 64, haiyumbi sana. Ndogo, kama ile 6 ya Bara Hindi, usijenge juu yake hadithi ya ukoo.

Jambo la pili ni namna DNA inavyorithiwa. Mtoto hupata nusu kwa baba na nusu kwa mama, lakini nusu ipi, hakuna achaguaye. Ni kama karata zinazochanganywa upya kila anapozaliwa mtoto: ndugu wawili wa tumbo moja hawapewi mkono mmoja. Babu humfikia mjukuu kwa wastani wa asilimia 25, baba yake babu kwa 12.5, na aliye juu yake kwa 6.25. Ukirudi vizazi kumi una nafasi za mababu na mabibi 1,024, na baadhi yao hawakukuachia hata kipande kimoja, ingawa bila wao usingezaliwa. Basi babu aliyeshuka jahazini karne nyingi zilizopita anaweza kuwa babu wa kweli kabisa na bado asionekane kwenye asilimia. Kutoonekana kwake si ushahidi kwamba hakuwako.

Kuna sehemu mbili za DNA, hata hivyo, ambazo hazichanganywi hivyo. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, na DNA ya mitokondria hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote. Zikibadilika, hubadilika kidogo sana katika vizazi vingi. Kampuni aliyoitumia kijana ilimpa pia majibu ya njia hizi mbili: upande wa baba, kundi J2, ambalo ni la kawaida Iran na nchi zinazoizunguka, upande wa mama, kundi L, ambalo asili yake ni Afrika.

"Yaani babu wa babu yangu alitoka kweli Uajemi?" mzee aliuliza.

"Yawezekana, baba. Lakini kundi hilo liko pia kwa Waarabu na Wahindi. Halitaji mji wala mwaka."

Kijana alijibu sawasawa. Ila kuna ushahidi mwingine unaoyapa majibu yake uzito, nao umetoka makaburini. Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa baina ya takriban mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Miongoni mwa watafiti alikuwamo mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba, aliyechimba Mtwapa kwa miaka mingi, na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard. Waligundua kwamba wengi wa watu hao walikuwa na damu ya Afrika na ya Asia kwa pamoja, na kwamba kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000. Sehemu kubwa ya damu ya Asia ilikuwa ya Uajemi, na kidogo ya Bara Hindi. Damu ya Arabuni ilizidi baadaye, baada ya mwaka 1500 hivi.

Matokeo haya yalikuwa na uzito wa pekee kwa sababu wasomi wengi wa karne iliyopita walikuwa wameiweka kando habari ya Washirazi wakiiona kuwa ngano ya watu waliotaka kujitukuza. Habari za Kilwa, zilizoandikwa katika karne ya 16, zinataja wana wa mfalme waliotoka Shirazi. DNA haikuthibitisha wafalme wala majahazi yao. Ilionyesha kwamba wanaume wa Kiajemi walifika kweli na kuacha watoto, tena wakati unaokaribiana na ule wa masimulizi. Mzee wa Mombasa, kwa jambo hilo, hakudanganywa na wazee wake.

Lakini makaburi yaleyale yalisema na jambo jingine, ambalo silsila za baba hazilisemi. Mitokondria za watu hao karibu zote zilikuwa za Kiafrika, na katika miji mingi zaidi ya nusu ya damu yao ilikuwa ya Afrika. Walioshuka majahazini walikuwa wanaume. Walioa, na wenyeji waliobeba mimba, waliolea, na waliowafundisha watoto kusema Kiswahili, lugha ya Kibantu, walikuwa wanawake wa hapa. Ile 64 ya kijana ndiyo sauti yao.

Tuwe waangalifu na mipaka ya utafiti huo. Wengi wa waliopimwa walizikwa karibu na misikiti, mahali pa watu wenye hadhi, kwa hiyo hawawasemei wavuvi na wakulima wote wa pwani. Watu wa pwani wa leo nao wanatofautiana sana: wapo wenye damu nyingi ya Asia, na wapo ambao wana kidogo mno. Wala DNA haisemi ndoa ilikuwaje. Bibi mmoja aliolewa kwa mahari na shangwe. Mwingine alikuwa suria, mtumwa aliyemzalia bwana wake watoto. Kwa sheria ya Kiislamu watoto hao walikuwa huru na walifuata nasaba ya baba, na hivyo jina la mama likaachwa. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, muda ambao bado uko ndani ya kumbukumbu za nyumba nyingi.

Mzee alikaa kimya zaidi mara hii. Kisha akasema: "Mama yake bibi yangu mzaa baba alikuwa Mdigo wa Gasi. Hatukuwa tukimtaja. Jina lake nalijua."

Akalitaja, na kijana akaliandika.

Limebaki jambo ambalo kijana alipaswa kuliuliza kabla ya kutema mate. Nusu ya DNA aliyoituma ni ya baba yake, na kampuni nyingi huonyesha pia orodha ya jamaa wanaofanana nawe. Ndugu wa baba mmoja asiyejulikana nyumbani anaweza kutokea hapo na jina lake kamili, na hakuna tena wa kuifunika siri hiyo. Kuna na hatari ya data yenyewe. Mwaka 2023 wezi wa mtandaoni walifikia taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa kampuni ya 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, wateja wake wasijue data zao zitamilikiwa na nani. Anayepima anaweza kuzima orodha ya jamaa na kuomba sampuli yake iharibiwe, lakini hayo huamuliwa mwanzoni, pamoja na wazee.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na nia ya kupima, anza na wazee wako walio hai. Baba zako huenda wamekwisha kuandikwa. Waulize majina ya mabibi, kijiji cha kila mmoja, na nani alimlea nani. DNA itakuambia kwamba bibi huyo alikuwa Mwafrika. Jina lake haliwezi kukuambia, na anayelijua yuko nyumbani kwenu leo.