Udhuru wenye mbadala: namna ya kukataa kikao bila kumwangusha aliyekuita

Muhtasari wa kikao unaoandikwa vizuri huwa na orodha tatu za majina juu kabisa, kabla hata ajenda haijafunguliwa: waliohudhuria, wasiohudhuria kwa taarifa, na wasiohudhuria bila taarifa. Wa orodha ya pili na wa orodha ya tatu wote hawakuwa chumbani. Kinachowatenganisha ni ujumbe mmoja uliomfikia katibu au mwenyekiti kabla ya kikao kuanza. Ukiandikwa vizuri, ujumbe huo unaweza kukiwezesha kikao kuamua jambo lako kana kwamba upo. Ukiandikwa vibaya, au usipoandikwa kabisa, kikao kinaahirisha jambo hilo na watu wanaitwa upya.

Wengi wetu tumelelewa kuona kwamba kumwambia mkubwa "sitakuja" ni utovu wa adabu. Kwa hiyo tunajibu "nitajitahidi", "tutaangalia", au "Mungu akipenda", kisha hatutokei. Anayejibu hivyo anaamini ameshatoa udhuru kwa upole. Aliyeita kikao anasoma maneno yale yale kuwa ni ndiyo: anahesabu kiti, anaagiza chai, na ajenda inayomhusu mtu huyo anaiacha ilipo. Saa ya kikao inapofika, watu wanane wanamsubiri mmoja. Adabu ya kweli hapa ni kumpa mwenzako jibu analoweza kulifanyia kazi, tena mapema.

Kikao kinataka nini kwako?

Kabla ya kuandika neno lolote, soma mwaliko na utafute nafasi yako katika ajenda. Kwa kawaida mtu huitwa kwa sababu moja kati ya nne: asikilize, atoe taarifa, ashiriki kuamua, au ajadiliane na mtu wanayepingana naye. Mbili za kwanza zinaweza kabisa kufanyika kwa maandishi. Kuamua kunawezekana kwa maandishi ikiwa machaguo yanajulikana na mwenye mamlaka anayakubali maoni ya aliye mbali. Ya nne haiwezekani, kwa sababu mgogoro ukiandikwa huongezeka ukali. Hapo omba muda mwingine, usitume waraka.

Kama mwaliko hauna ajenda, uliza kwanza: "Naomba kujua suala linalonihusu ili nijiandae." Swali hilo halimkwazi mtu, na mara nyingine jibu lake linaonyesha kwamba ulihitajika kwa dakika kumi tu, au hukuhitajika kabisa.

Tazama pia akidi. Kamati ya watu tisa ambayo akidi yake ni watano, na ambayo wanne wameshatoa udhuru, inakufa ukiondoka wewe. Katika hali hiyo mpigie katibu simu kabla ya kujibu chochote, umuulize ni wangapi wamethibitisha. Wito wa kikao cha nidhamu au wa mahakama nao haumo katika mambo haya, kwani una utaratibu wake wa kuomba kuahirishiwa na haujibiwi kama mwaliko wa kawaida.

Ujumbe wenyewe

Tuchukue mfano. Afisa ununuzi wa mradi mmoja jijini Dar es Salaam ameitwa Jumatatu kwenye kikao cha Alhamisi, saa 4:00 hadi 5:30 asubuhi. Saa hizo hizo ana miadi ya ukaguzi wa shehena bandarini. Katika yatokanayo ya kikao kilichopita, yeye ndiye aliyeagizwa kuleta bei za jenereta. Anamwandikia mkuu wa mradi, mama aliyemzidi umri na cheo:

"Mama, shikamoo. Nimepokea mwaliko wa kikao cha Alhamisi, saa 4:00 asubuhi. Naomba udhuru: muda huo nitakuwa bandarini kwa ukaguzi wa shehena yetu, na miadi hiyo haisogezeki. Suala linalonihusu ni bei za jenereta, kwenye yatokanayo. Ikiwezekana kikao kusogezwa, nina nafasi Alhamisi saa 9:00 alasiri au Ijumaa saa 3:00 asubuhi. Kikibaki palepale, nitatuma taarifa ya ukurasa mmoja kufikia Jumatano saa 9:00 alasiri, yenye bei tatu na pendekezo langu. Naomba uniambie ipi inafaa."

Salamu ni fupi, lakini ipo, na inalingana na anayeandikiwa. Kwa wa rika lake angeandika "Habari za kazi, kaka". Udhuru umetamkwa waziwazi katika sentensi ya tatu, haukuzikwa chini ya maelezo. Sababu ni moja, inaaminika, na inahusu kazi ya mradi wenyewe. Mtu anayerundika sababu tatu, gari bovu na mtoto mgonjwa na foleni, anaonekana anatafuta itakayokubaliwa. Kama sababu yako ni ya siri, "nina shughuli nyingine niliyokwisha kuiahidi" inatosha, mradi iwe kweli.

Halafu vinafuata vitu viwili vinavyomfaa mkuu: saa mbadala na maandishi mbadala. Saa ni mbili, si tano wala si "muda wowote wiki ijayo". Anayesema muda wowote amemrudishia mwenzake kazi yote ya kupanga. Anayetaja moja tu hamwachii nafasi ya kuchagua. Mwisho ombi linaacha uamuzi mikononi mwa aliyeita kikao, kwa sababu kikao ni chake.

Kwenye kalenda ya simu na kompyuta

Mialiko mingi ya ofisini siku hizi huja kwa kalenda, na hapo ndipo udhuru wenye adabu hugeuka kuwa mkavu bila mtu kukusudia. Ukibonyeza kukataa peke yake, mwenzako anaona jina lako na alama ya kukataa, basi. Outlook hata hukupa chaguo la "Do Not Send a Response": mkutano unaondoka kwenye kalenda yako, na aliyekuita hapati taarifa yoyote. Chagua njia inayokuruhusu kuandika, kisha weka maneno yako.

Programu hizo pia zina njia ya kupendekeza saa nyingine. Katika Google Calendar ni "Propose a new time". Katika Outlook ni "Propose New Time", na hapo unachagua kama unakataa kabisa au unashikilia nafasi kwa muda huku ukipendekeza. Kumbuka kwamba pendekezo halisogezi kikao. Saa inabaki ile ile mpaka aliyeita akubali, kwa hiyo usiache kufuatilia. Na kabla ya kupendekeza, kama ofisi yenu inashirikiana kalenda, angalia kwanza ratiba za wengine. Saa inayokufaa wewe peke yako si mbadala.

Uwe mwangalifu na saa zenyewe. Kalenda huandika 10:00 AM pale tunaposema saa 4 asubuhi, na mtu anayenakili kutoka kwenye kalenda kwenda kwenye ujumbe wa WhatsApp huandika "saa 10" akaeleweka jioni. Andika sehemu ya siku kila mara. Kama kikao kina wenzenu wa Kigali, Bujumbura au Lubumbashi, wao wako nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa moja. Wa Muscat wako mbele kwa saa moja. Kalenda hurekebisha yenyewe, ujumbe wa simu haurekebishi. Andika "saa 9:00 alasiri, saa za Dar es Salaam".

Taarifa inayosimama badala yako

Mkuu akijibu, "Sawa, tuma taarifa," kazi imebaki nusu. Taarifa hiyo lazima ijibu maswali ambayo ungeulizwa ukiwa umeketi pale. Tuseme afisa wetu ana bei hizi: muuzaji wa kwanza anataka shilingi 31,200,000 na analeta jenereta baada ya wiki 2, wa pili anataka 29,400,000 lakini baada ya wiki 6, wa tatu anataka 33,000,000, pia baada ya wiki 6.

Akituma bei peke yake, kikao kitamchagua wa pili, kwa kuwa ndiye wa bei ya chini. Lakini yeye anajua jambo ambalo chumba kizima kinaweza kulisahau: mradi unakodi jenereta kwa shilingi 600,000 kila wiki mpaka jipya lifike. Kwa muuzaji wa kwanza, kodi ya wiki 2 inafikisha gharama 32,400,000. Kwa wa pili, kodi ya wiki 6 inaifikisha 33,000,000. Anayeonekana wa bei nafuu anazidi kwa 600,000. Hesabu hiyo ndiyo iliyofanya aitwe kikaoni, na ndiyo inayopaswa kuwa kiini cha ukurasa wake.

Kwa hiyo anaanza na pendekezo: "Napendekeza tununue kwa muuzaji wa kwanza." Chini yake anaweka hesabu, kisha anataja kinachoweza kubadilisha pendekezo: "Wa pili akikubali kuleta ndani ya wiki 4, gharama yake itakuwa 31,800,000, na nitamuunga mkono yeye." Sentensi hiyo inakipa kikao nguvu ya kuamua hata hali ikibadilika saa hiyo hiyo. Mwisho anasema kama atapatikana kwa simu. Ankara kifani za wauzaji anaziambatisha, asizinakili ndani ya taarifa.

Aitume kwa mkuu na kwa katibu wote wawili. Katibu ndiye anayeiweka kwenye makabrasha ya kikao; taarifa iliyobaki kwenye simu ya mkuu peke yake huweza isisomwe.

Udhuru ukikataliwa

Wakati mwingine jibu ni "Nakuhitaji uwepo." Usirudie sababu zako kwa sauti ya juu zaidi. Omba suala lako litangulie: "Basi naomba suala langu liwe la kwanza, nikae hadi saa 4:20, kisha niondoke." Au uliza kama unaweza kuingia kwa simu kwa suala hilo peke yake. Wakubwa wengi hukubali, kwani wanachotaka ni jambo liamuliwe.

Na kama dharura imekupata ikiwa imebaki chini ya saa moja, piga simu. Ujumbe utasomwa kikao kikiwa kimeisha. Ukishapiga, andika sentensi moja kwa katibu, ili jina lako liingie kwenye orodha inayostahili.

Muhtasari ukitoka, usome. Hakikisha umeandikwa kwa taarifa, taarifa yako imepokewa, na uamuzi umenakiliwa sawasawa. Kisha tafuta jina lako kwenye maazimio, kwa sababu mtu asiyekuwepo huweza kupewa kazi bila kuulizwa, na tarehe ya kuimaliza huanza kuhesabiwa siku ile ile ya kikao. Kama tarehe haiwezekani, mwambie katibu wiki hiyo hiyo, usingoje isomwe kwenye yatokanayo ya kikao kijacho.