Kurefusha Mpishano Hakuokoi Kiungo

Kila wiki naletewa kiungo kilichoachia na swali lile lile: "Nikiongeza mpishano mara mbili, kitabeba mzigo mara mbili?" Hapana. Na mafundi wanaendelea kumwaga epoksi kwa sababu kwenye mkebe imeandikwa nguvu kwa kila milimita ya mraba, nao wanazidisha kwa eneo. Namba hiyo hupimwa kwenye mpishano mfupi, kwa kawaida wa milimita 12 hivi. Haikukusudiwa kuzidishwa kwa mpishano mrefu.

Kata vipande viwili vya mpira wa tyubu, vigundishe kwa kupishana, kisha chora kwa kalamu mistari wima ubavuni, ukivuka gundi. Vuta. Mistari ya ncha mbili italala. Ya katikati itabaki karibu wima. Sababu ni hii: pale mpishano unapoanza, kipande kimoja kinabeba mzigo wote na kimevutika, huku mwenzake ndiyo kwanza kinaanza na hakijavutika. Tofauti hiyo ya kuvutika inamezwa na gundi. Katikati vyote viwili vina nusu ya mzigo, vinavutika sawa, na gundi haina cha kumeza. Alumini hufanya vivyo hivyo, ila jicho halioni.

Mhandisi wa Kijerumani Olaf Volkersen aliliwekea hesabu jambo hili mwaka 1938. Nimeitumia kwa mabamba ya alumini ya milimita 1.6, epoksi ngumu yenye unene wa milimita 0.2, na mzigo wa niutoni 100 kwa kila milimita ya upana. Mpishano wa milimita 12.5 una mkazo wa wastani wa megapaskali 8, lakini nchani unafika 15.7. Ukiufanya 25, wastani unashuka hadi 4. Nchani ni 15.0. Ukiufanya 50, wastani ni 2, na nchani 14.9. Gundi hupasuka kwa ule wa nchani, si kwa wastani. Milimita 25 za mwisho umezinunua, umezisugua msasa, umezipaka, na hazikukupa kitu.

Ni kweli gundi inayonyumbuka hulegea kidogo nchani na kusukuma mzigo ndani, kwa hiyo urefu wake wenye faida ni mkubwa zaidi. Nao una kikomo. Sehemu tulivu ya katikati pia husaidia kiungo kisiteleze polepole chini ya mzigo wa kudumu. Hiyo ni sababu ya kubakiza kiasi, si ya kurefusha bila kipimo.

Unataka nguvu? Ongeza upana, huo ndio unaozidisha kwelikweli. Au tumia bamba nene zaidi, au gundi laini kidogo. Chonga ncha za bamba mteremko na uache gundi iliyofurika pembeni, kwa maana nchani ndipo bamba linapojipinda na kutaka kubanduka. Wala usikaze jiriwa mpaka gundi yote ikamuke: ikiwa nyembamba kupita kiasi, mkazo wa nchani unapanda.